Watumaji wawili wa TCP kwenye laini moja: mgawanyo sawa unatoka wapi?

Swali: Mtaalamu, nimesoma kwamba kompyuta mbili zinazotuma data kwa TCP kupitia laini moja huishia kugawana nusu kwa nusu, ingawa hakuna anayezigawia na wala hakuna inayojua kwamba nyingine ipo. Sielewi. Aliyetangulia ameshaijaza laini. Kwa nini aachie? Na kwa nini kuongeza kufanyike pakiti moja moja ilhali kupunguza ni nusu nzima kwa mara moja? Nimejaribu ofisini kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao: mara ya kwanza walilingana, lakini nilipotumia seva mbili tofauti, mmoja alipata karibu mara tatu ya mwenzake.

Jibu: Ndugu, aliyetangulia haachii nafasi kwa sababu amemwona mwenzake. Anaachia kwa sababu pakiti zake zimepotea, na TCP inamtaka kila anayepoteza pakiti apunguze mwendo bila kuuliza nani amesababisha. Mengine yote, pamoja na ule uwiano wa mara tatu uliouona, yanatokana na jinsi kupunguza huko kunavyofanyika na jinsi kuongeza kunavyofuata baada yake.

Tuanze na chombo chenyewe. Kila mtumaji wa TCP hutunza namba inayoitwa dirisha la msongamano, ambayo kwenye Linux utaiona ikiandikwa `cwnd`. Namba hiyo ni idadi ya pakiti anazoruhusiwa kuwa nazo njiani kwa wakati mmoja, yaani pakiti alizokwisha kuzituma lakini ambazo mpokeaji hajazirudishia risiti. Dirisha likiwa 40 na safari ya kwenda na kurudi ikichukua sehemu ya kumi ya sekunde, mtumaji atapitisha pakiti 40 katika kila sehemu ya kumi ya sekunde, sawa na pakiti 400 kwa sekunde. Kwa hiyo mwendo wake hutokana na vitu viwili, dirisha na muda wa safari, na naomba hilo lisikutoke kichwani kwa sababu ndilo litakalofumbua jaribio lako la pili.

Katika TCP ya kale iitwayo Reno, kanuni ni fupi sana. Kila safari nzima ya kwenda na kurudi ikipita bila pakiti kupotea, dirisha huongezwa pakiti moja. Pakiti ikipotea, mtumaji hulitambua jambo hilo kwa kuletewa risiti tatu za ziada zinazorudia kudai pakiti ileile, na hapo hukata dirisha lake nusu. Upande wa kupanda ni kujumlisha na upande wa kushuka ni kugawanya; wataalamu huiita kanuni hiyo kwa herufi AIMD. Kuna pia hatua ya mwanzo kabisa ya muunganisho, ambapo dirisha huongezeka maradufu kila safari hadi pakiti ya kwanza ipotee, lakini hiyo ni ya kumwingiza mgeni barabarani tu na haina kazi katika mgawanyo tunaoujadili, kwa hiyo naiweka kando.

Sasa tuchukue laini ya megabiti 12 kwa sekunde, pakiti za baiti 1500, na safari ya milisekunde 100 kwa watumaji wote wawili. Pakiti moja ni biti 12,000, hivyo laini hupitisha pakiti 1000 kwa sekunde, na katika milisekunde 100 hupitisha pakiti 100. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme ruta iliyo mbele ya laini hiyo ina bafa, yaani nafasi ya kusubirishia pakiti, ndogo mno, kiasi kwamba jumla ya madirisha mawili ikifika 100 pakiti huanza kumwagika. Tuseme pia, kwa sasa, kwamba zinapomwagika kila mmoja hupoteza angalau pakiti moja. Sharti hili la pili si la kweli siku zote na nitalirudia baadaye.

Mtumaji A alitangulia na ana dirisha la 90. Mtumaji B ameingia sasa hivi na ana 10. Jumla imefika 100, ruta inamwaga, na wote wawili wanakata nusu: A anabaki na 45, B anabaki na 5. Angalia kilichotokea hapo. Dirisha la A limepungua kwa pakiti 40 zaidi ya la B, ingawa wote wametii sharti moja kwa usawa kabisa. Tofauti kati yao, iliyokuwa 80, sasa ni 40.

Baada ya hapo jumla yao ni 50, nusu ya laini iko wazi, na wote wanaanza kupanda kwa pakiti moja kila safari. Jumla inapanda kwa mbili, kwa hiyo watahitaji safari 25 kuijaza laini tena, ambazo ni sekunde mbili na nusu. Katika muda huo kila mmoja ameongeza 25: A amefika 70 na B amefika 30. Tofauti imebaki 40 ileile, kwa sababu wameongeza kiasi kinacholingana. Ruta inamwaga tena na wanashuka hadi 35 na 15. Wanapanda safari nyingine 25 na kufika 60 na 40. Duru inayofuata inawafikisha 55 na 45, na ile ya baada yake 52.5 na 47.5. Tofauti zimekwenda 80, 40, 20, 10, 5, na kutoka mkato wa kwanza hadi hapo zimepita sekunde kumi tu. Hakuna aliyewasiliana na mwenzake, na ruta haikuhesabu pakiti za nani ni ngapi.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Kupanda kwa kujumlisha hakugusi tofauti, na kushuka kwa kugawanya hukata tofauti nusu kila mara. Ni kama kaka na mdogo wake waliopishana miaka minane: kila mwaka wote wanaongeza mmoja, na pengo la miaka minane halisogei hata wakizeeka. Umri lakini haukatwi nusu, ilhali dirisha hukatwa, na linapokatwa pengo nalo hukatwa pamoja nalo. Kupanda kukilihifadhi pengo na kushuka kukilipunguza, haliwezi kwenda kokote isipokuwa kwenye sifuri.

Swali lako la kwa nini pande mbili zisifuate njia moja linajibika vizuri zaidi kwa kuzijaribu njia nyingine kwa mikono, na nakuomba ufanye hivyo kwa karatasi badala ya kuniamini. Ukijumlisha wakati wa kupanda na kutoa kiasi maalumu wakati wa kushuka, tuseme kila mmoja atoe pakiti 5, basi 90 na 10 watashuka hadi 85 na 5, kisha watapanda kurudi 90 na 10. Wataendelea hivyo hadi kesho, na pengo la 80 litabaki 80. Ukizidisha wakati wa kupanda na kugawanya wakati wa kushuka, watashuka 45 na 5 na kupanda kurudi 90 na 10, kwa sababu mara hii kinachohifadhiwa ni uwiano wa tisa kwa moja. Njia mbaya kuliko zote ni kutoa wakati wa kushuka na kuzidisha wakati wa kupanda: kutoka 90 na 10 watashuka 85 na 5, halafu wakizidisha hadi jumla irudi 100 watakuwa karibu 94.4 na 5.6. Pengo limekua, na duru ijayo litakua zaidi, hadi B afe kwa njaa. Katika njia nne zote, ni ile moja tu inayoelekea kwenye usawa.

Ukipenda kuliona jambo hili kwa mchoro, weka dirisha la A kwenye mstari wa ulalo na la B kwenye mstari wa wima. Hali yoyote ya watumaji wawili inakuwa nukta moja. Chora mstari wa mshazari unaoshuka kutoka 100 ya wima hadi 100 ya ulalo. Huo ni ukomo wa laini, na juu yake pakiti zinamwagika. Chora mwingine unaotoka kwenye sifuri na kupanda kwa nyuzi 45. Huo ni mstari wa usawa, ambapo A na B wana kiasi kimoja. Kupanda kwa kujumlisha huisogeza nukta sambamba na mstari wa usawa, bila kuukaribia wala kuuacha. Kushuka kwa kugawanya huivuta nukta moja kwa moja kuelekea sifuri, na kwa kuwa mstari wa usawa nao hupitia sifuri, kila mvuto huo huikaribisha nukta kwenye mstari. Matokeo yake ni njia ya kupindapinda inayopanda sambamba, kushuka kuelekea kwenye pembe, kupanda tena, hadi inaanza kwenda na kurudi juu ya mstari wenyewe.

Mchoro huo ni wa Dah-Ming Chiu na Raj Jain, waliokuwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, na waliuchapisha mwaka 1989. Hawakuishia kwenye mifano. Walionyesha kwamba ikiwa watumaji wote wanapata ishara moja ya ndiyo au hapana, na wakibadilisha mwendo wao kwa hesabu ya mstari mnyoofu, basi kushuka lazima kuwe kwa kugawanya na kupanda lazima kuwe na sehemu ya kujumlisha ndipo usawa na matumizi mazuri ya laini vifikiwe pamoja. Jain ndiye pia aliyetoa kipimo cha usawa ambacho bado tunakitumia: jumla ya viwango vyote kwa kipeo cha pili, ikigawanywa kwa idadi ya watumaji mara jumla ya vipeo vya pili vya kila mmoja.

```
J = (x1 + x2 + ... + xn)^2 / (n * (x1^2 + x2^2 + ... + xn^2))
```

Kwa 90 na 10 kipimo hicho hutoa takriban 0.61, na kwa 52.5 na 47.5 hutoa zaidi ya 0.997, ambapo 1 ni usawa kamili. Ukipima jaribio lako kwa fomula hii badala ya kulinganisha kwa macho, utaweza kuweka watumaji watano au kumi na bado upate namba moja ya kulinganisha.

Inafaa kusema kwamba usawa haukuwa ndiyo shida iliyoileta kanuni hii ndani ya TCP. Mwezi Oktoba 1986, njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California kule Berkeley, majengo yaliyotengana kwa mita mia chache tu, ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, kwa sababu kila aliyepoteza pakiti aliirudisha barabarani bila kupunguza mwendo. Van Jacobson na Michael Karels walitafuta namna ya kuuzuia mkwamo huo, na makala ya Jacobson ilitoka mwaka 1988. Sababu yake ya kuchagua nusu, kwa mtumaji aliyekwisha kutulia kwenye mwendo wake, ni ya kidunia kabisa: pakiti ikipotea, yaelekea kuna mwingine ameingia, na kama zamani ulikuwa peke yako sasa mko wawili, basi kata nusu. Wakiwa wengi zaidi ya wawili, nusu ni tahadhari isiyodhuru. Binafsi naiona hoja hiyo kuwa ya kubahatisha kwa akili, na mchoro wa Chiu na Jain ndio unaoeleza kwa nini bahati hiyo iliangukia mahali pazuri. Usawa wenyewe hauhitaji nusu hasa. Sehemu yoyote iliyo chini ya moja itapunguza pengo, na kinachobadilika ni kasi ya kulipunguza na kiasi cha laini kinachoachwa wazi kila baada ya mkato.

Sasa nirudi kwenye lile sharti nililoliweka kando, la kwamba wote hupoteza pakiti kwa pamoja. Ruta ya kawaida yenye foleni moja humwaga pakiti inayofika foleni ikiwa imejaa, na pakiti hiyo inaweza kuwa ya yeyote. Kama A ana 70 na B ana 30, na ikamwagwa pakiti moja tu, kuna uwezekano wa 7 kati ya 10 kuwa ni ya A. Ikiwa ya A, A anashuka hadi 35 na B anabaki 30, na tofauti ni 5. Ikiwa ya B, B anashuka hadi 15 na A anabaki 70, na tofauti inakuwa 55, hali ambayo B angekuwa na haki ya kuilalamikia. Lakini chukua wastani: saba ya kumi ya 5 ni 3.5, na tatu ya kumi ya 55 ni 16.5, jumla ni 20. Tofauti ya awali ilikuwa 40, na kwa wastani imekatwa nusu kamili.

Hilo si sadfa ya namba nilizochagua. Tuseme laini nzima ni 1, sehemu ya A ni `a`, ya B ni `b`, na uwezekano wa kupoteza ni sawa na sehemu ya kila mmoja. Wastani wa tofauti mpya hutoka hivi:

```
a*(a/2 - b) + b*(a - b/2) = (a^2 - b^2)/2 = (a - b)/2
```

kwa kuwa a + b = 1. Kwa hiyo hata watumaji wasipopoteza kwa pamoja, mvuto kuelekea usawa hubaki uleule kwa wastani, kwa sababu mwenye nyingi ndiye mwenye pakiti nyingi za kumwagwa. Kinachobadilika ni utulivu. Watumaji waliopoteza kwa pamoja hutulia kwenye nusu kwa nusu na kupanda na kushuka wakiwa bega kwa bega. Wanaopoteza kwa zamu hupishana, leo huyu juu na kesho yule, na usawa wao huonekana ukichukua wastani wa dakika nzima, si ukiangalia sekunde moja. Ukiona mistari ya iperf3 ya kila sekunde ikirukaruka, 7 kwa 5 kisha 4 kwa 8, usihukumu kabla ya kuona jumla ya mwisho.

Tufike kwenye jaribio lako la pili. Kanuni inasema pakiti moja kwa kila safari, haisemi pakiti moja kwa kila sekunde. Mwenye safari fupi hupata risiti zake mapema na kwa hiyo hupanda mara nyingi zaidi katika sekunde ileile. Chukua laini yetu ya pakiti 1000 kwa sekunde, A akiwa na safari ya milisekunde 50 na B ya milisekunde 150. A hufanya safari 20 kwa sekunde, kwa hiyo dirisha lake hukua kwa pakiti 20 kila sekunde. Na kwa kuwa kila pakiti ya dirisha hupita mara 20 kwa sekunde, mwendo wake hukua kwa pakiti 400 kwa sekunde, kila sekunde. B hufanya safari chini ya saba kwa sekunde, na ukipiga hesabu hiyohiyo mwendo wake hukua kwa takriban 44 tu. Faida ya safari fupi imemwingia A mara mbili, ndiyo maana mara tatu imegeuka mara tisa.

Kushuka bado kunakata pengo lolote lililo nje ya mahali pa kutulia, ila mahali penyewe pamehama. Wakipoteza kwa pamoja, watatulia A akipanda hadi 900 na B hadi 100. Hakikisha mwenyewe: wanakata hadi 450 na 50, wanahitaji 500 kuijaza laini, wanapanda kwa jumla ya 444 kila sekunde, na baada ya sekunde 1.125 A ameongeza 450 na B 50. Wamerudi palepale. Wakipoteza kwa bahati, kila pakiti ikiwa na uwezekano uleule wa kumwagwa, uwiano hulegea hadi mara tatu, yaani takriban 750 kwa 250, kwa kuwa mwendo wa Reno chini ya upotevu uleule huenda kinyume na muda wa safari. Mitandao halisi huangukia mahali fulani kati ya hizo mbili. Matokeo yako ya karibu mara tatu yananifanya niamini kwamba seva yako ya pili ilikuwa mbali zaidi, lakini badala ya kukisia, pima. Endesha amri hizi kwenye mashine inayotuma, si inayopokea, maana dirisha liko kwa mtumaji, na uweke anwani ya seva yako mahali pa 192.0.2.10:

```
sysctl net.ipv4.tcp_congestion_control
iperf3 -c 192.0.2.10 -t 120 -C reno
ss -ti dst 192.0.2.10
```

Ya kwanza inakuambia mashine inatumia kanuni gani. Ya pili inalazimisha Reno kwa dakika mbili, muda unaotosha kwa laini ndogo kutulia. Ya tatu, ukiiendesha mara kwa mara jaribio likiendelea, inaonyesha `rtt` na `cwnd` za muunganisho huo. Kumbuka kwamba iperf3 moja upande wa seva hupokea jaribio moja kwa wakati, kwa hiyo watumaji wawili kwa seva moja wanahitaji iperf3 mbili kwenye milango tofauti, kwa mfano `-p 5201` na `-p 5202`. Ukiona `rtt` za watumaji wako zinapishana kwa mara tatu au karibu na hapo, umepata jibu lako.

Kwa mtu aliye Dar es Salaam au Nairobi jambo hili si la maabara tu. Seva iliyo mji uleule huwa umbali wa milisekunde chache, na ile ya Ulaya, kupitia nyaya za chini ya bahari, mara nyingi hupita milisekunde 100. Ungetarajia basi mtumaji wa karibu ammeze wa mbali kabisa, na bado haitokei kwa ukali huo, kwa sababu moja ya kuchekesha: foleni ndefu. Ruta nyingi za ofisini zina bafa kubwa, na bafa yenye kusubirisha milisekunde 200 huongezwa kwenye safari ya kila mmoja. Milisekunde 10 zinakuwa 210, na 150 zinakuwa 350, na uwiano wa mara kumi na tano umeshuka hadi chini ya mara mbili. Foleni hiyohiyo inayoharibu simu za video ndiyo inayoleta usawa kidogo kwa mlango wa nyuma. Siipendekezi kama dawa.

Kasi ya kufikia usawa nayo ina mpaka ambao vitabu vingi huupitia haraka. Kwenye laini yetu duru moja ilichukua safari 25. Weka laini ya gigabiti 1 kwa sekunde na safari ileile ya milisekunde 100, na ujazo wake unakuwa takriban pakiti 8,333. Baada ya mkato, watumaji wawili wanahitaji safari zaidi ya 2,000 kuijaza tena, yaani kama dakika tatu na nusu, na hiyo ni kwa kupunguza pengo nusu mara moja tu. Zile duru nne zilizochukua sekunde kumi zingechukua karibu dakika kumi na nne. Kurasa nyingi za wavuti humaliza kupakuliwa kabla hata ya duru ya kwanza, kwa hiyo usawa wa AIMD ni wa mitiririko mirefu, kama kuhamisha nakala za hifadhi, na hauwahi kuwafikia wale wapitao haraka.

Polepole hiyo ndiyo iliyozaa CUBIC, ambayo imekuwa chaguo-msingi la Linux tangu toleo la 2.6.19 la mwaka 2006. CUBIC hushuka kwa kugawanya kama Reno, ila hubakiza 0.7 ya dirisha badala ya nusu, na kupanda kwake hufuata muda uliopita tangu pakiti ya mwisho ipotee, si idadi ya safari. Kwa sababu hiyo mwenye safari ndefu haonewi kama chini ya Reno, na ukirudia jaribio lako kwa `-C cubic` kwenye laini kubwa, tarajia uwiano ulio karibu zaidi na moja. Kwenye laini ndogo, au yenye safari fupi, CUBIC hujilinganisha na Reno kwa makusudi, na hapo utaona tofauti ndogo. BBR ya Google, iliyotangazwa mwaka 2016, haifuati AIMD. Hukadiria upana wa laini na muda wa safari, kwa hiyo mtumaji wa BBR akikutana na wa Reno, hesabu zote hapo juu hazimhusu, na mara nyingi anayeumia ni yule wa Reno.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kuilaumu kanuni ni idadi ya miunganisho. AIMD husawazisha miunganisho, haijui watu. Mwenzako akipakua kwa programu inayofungua miunganisho minne, nawe ukiwa na mmoja, laini itagawanywa kwa tano na wewe utapata moja. Jaribu `-P 4` upande mmoja wa iperf3 utaliona wazi. Hakuna kanuni ya upande wa mtumaji itakayokusaidia hapo. Kinachosaidia ni ruta yenyewe kutenganisha foleni, na kwenye Linux `fq_codel` hufanya hivyo kwa kila mtiririko, ambapo urefu wa safari hauna tena uzito mkubwa kwa kuwa zamu inagawiwa na ruta. Ila hata hiyo huhesabu mitiririko, na mwenye minne bado atahudumiwa mara nne. Ukitaka mgawanyo wa kila kompyuta, tumia `cake`, ambayo inaweza kugawa kwanza kwa anwani na ndipo kwa mtiririko, na uiweke kwenye ruta inayoshika laini finyu yenyewe, ukiipa kasi iliyo chini kidogo ya ile mnayouziwa, la sivyo foleni itajengeka kwa mtoa huduma ambako huna mkono.